Herufi A ikigeuka C: nilivyojifunza kufuata in-oda na post-oda kwenye swali la mtihani

Swali lenyewe huwa fupi. Unapewa namba chache za kujengea mti, unapewa fanksheni ya mistari michache inayojiita yenyewe, kisha unaulizwa itachapa nini. Baada ya hapo mstari mmoja unahamishwa, na unaulizwa tena. Nilipokuwa najiandaa kwa mtihani wa miundo ya data, hili ndilo lililokula muda wangu kuliko maswali yote, hata yale yaliyokuwa na kurasa nzima za hesabu. Naandika jinsi nilivyolipitia, kwa sababu wengi wanaolikosa wanajua maana ya in-oda na post-oda vizuri kabisa. Wanachokosa ni namna ya kuifuata fanksheni hadi mwisho bila kupotea katikati.

Mti tuliofanyia mazoezi zaidi ulikuwa huu. Ni mti wa kutafutia: kila namba iliyo ndogo kuliko nodi huenda kushoto kwake, iliyo kubwa huenda kulia. Namba zinaingizwa kwa mpangilio huu: 45, 20, 60, 30, 25, 75, 70.

```
                45
          /         \
  20                  60
      \                   \
          30                  75
         /                   /
      25                  70
```

Fanksheni ya kwanza ni hii. Herufi A, B na C nimeziweka mimi ili niweze kuitaja mistari:

```python
def f(n):
    if n is None:
        return
    f(n.left)                # A
    print(n.data, end=" ")   # B
    f(n.right)               # C
```

Hiyo ni in-oda: kushoto, nodi yenyewe, kulia. Kwa post-oda, mstari wa B unashushwa chini ya C, basi. Hakuna kingine kinachobadilika.

Tulikuwa kikundi cha watu wachache tunaosoma pamoja, na tulikubaliana kila mmoja aandike majibu yake kabla ya kuzungumza. Tulipoweka karatasi mezani, majibu hayakufanana. Jambo hilo lilitutia hofu kweli, kwa sababu mtihani ulikuwa umekaribia na kila mmoja wetu alikuwa amesoma maelezo yaleyale. Tukakaa na kila jibu hadi tukajua limetokea wapi, na kazi ile ndiyo iliyotufaa kuliko kusoma ukurasa mwingine wa nadharia.

Mmoja alianza in-oda kwa 25. Hoja yake ilikuwa kwamba mpito huanzia chini kabisa upande wa kushoto, na chini kabisa upande wa kushoto yupo 25. Inasikika sawa, lakini kanuni hiyo haimo kwenye fanksheni. Fanksheni inasema nenda kushoto hadi ukute hamna kitu, kisha chapa. Kutoka 45 unakwenda kushoto, unafika 20. Kutoka 20 ukienda kushoto tena hukuti nodi. Kwa hiyo 20 ndiyo inayochapwa kwanza, ijapokuwa chini yake kuna 30 na 25 zinazongoja. Anayefika 25 mapema amekunja kulia bila kujua.

Tukagundua pia kwamba mchoro wake ulichangia. Alikuwa amechora 30 wima chini ya 20, na 25 wima chini ya 30, kama mnyororo. Nodi yenye mtoto mmoja ukiichora hivyo, unapoteza habari muhimu kuliko zote, yaani mtoto huyo yuko upande gani. Tangu siku ile kila mtoto namchora kwa mlalo unaoonekana, na pale ambapo hakuna mtoto naweka alama ndogo ya mkasi. Mti wenye nodi 7 una nafasi 8 tupu, daima: nodi 7 zina jumla ya nafasi 14 za watoto, na nodi 6 zisizo mzizi zimejaza 6 kati ya hizo. Nikihesabu mikasi nikapata pungufu ya 8, najua kuna nodi ambayo sijaonyesha nafasi yake tupu iko upande gani, na bado sijaandika hata namba moja ya jibu.

Mwingine alipatia in-oda, ila post-oda yake ilikuwa 25 70 30 75 20 60 45. Alikuwa amepanda mti ngazi kwa ngazi kutoka chini. Alisikia kwamba post-oda huanza na watoto kabla ya mzazi, akaona ngazi ya chini ina 25 na 70, akaziandika, akapanda. Na kweli, katika jibu lake kila mtoto ametangulia mzazi wake. Ndiyo maana kosa hili halijishtaki lenyewe. Kinacholifichua ni kitu kingine: fanksheni haiwezi kuugusa upande wa 60 kabla ya kuumaliza wote upande wa 20, kwa sababu mwito wa kwenda kulia haufikiwi mpaka mwito wa kushoto uwe umekwisha. Kwa hiyo namba 20, 25 na 30 lazima zikae pamoja katika jibu, bila mgeni kati yao. Vivyo hivyo 60, 70 na 75. Jibu lake lina 70 katikati ya 25 na 30, na hilo peke yake linatosha kulikataa.

Kipimo hicho kinafanya kazi kwa in-oda na post-oda zote mbili, tena kwa tawi lolote utakalolichagua, hata dogo. Mimi hukitumia kama hatua ya mwisho: nazungushia duara namba za tawi la kushoto kwenye jibu, na kama duara moja halitoshi, nimekosea.

Jibu la tatu lilitushangaza. Mwenzetu aliandika kwamba fanksheni haichapi kitu chochote. Aliifuata hivi: 45, kushoto 20, kushoto hamna kitu, `return`. Akaona `return` akasema programu imeishia hapo. Hatukumcheka, kwa sababu tulipojaribu kumweleza tuligundua kwamba hata sisi tuliopatia hatukuwa na maneno ya kueleza. Tulikuwa tunajua kwamba "inarudi", lakini inarudi wapi hasa? Kwenye mzizi? Kwenye nodi iliyopita? Na ikifika huko inaendelea na mstari upi?

Hapo ndipo penye kiini cha swali zima. Kila mwito wa `f` ni kazi yake peke yake, yenye `n` yake na mahali pake ilipofikia. `return` inafunga mwito mmoja tu, ule wa mwisho, na kumrudishia kazi aliyeuita, pale pale alipoachia. Ni kama mtu aliyeweka alama kwenye ukurasa kabla ya kufungua kitabu kingine: akikifunga cha pili, hasomi cha kwanza upya, anaendelea kutoka kwenye alama. Kwa hiyo ukitaka kufuata fanksheni hii kwa mkono, lazima uandike alama hizo. Kichwa hakiwezi kuzishika zikizidi tatu.

Nilichoanza kufanya ni kuandika pembeni mwa karatasi mstari mmoja kwa kila hali: nodi zote ambazo kazi zake hazijaisha, kila moja na herufi ya mstari inaposubiri. 45A maana yake ni kwamba mwito wa 45 umekwama kwenye mstari wa A, unangoja upande wa kushoto urudi. Nusu ya kushoto ya mti wetu inakuwa hivi, na upande wa kulia nimeandika kinachochapwa:

```
45A
45A 20A
45A 20C             20
45A 20C 30A
45A 20C 30A 25A
45A 20C 30A 25C     25
45A 20C 30C         30
45C                 45
```

Naomba tuisome polepole, maana ni fupi lakini ina kila kitu. Mstari wa pili unasema 45 na 20 zote zinangoja kushoto kwao. Kushoto kwa 20 hamna kitu, mwito ule unarudi papo hapo, kwa hiyo 20 inapita B, inachapwa, na kwenda C. Sasa 20 inangoja upande wa kulia. Inaita 30, nayo inaanza na A, inaita 25, nayo inaanza na A. 25 haina kitu kushoto, inachapwa, haina kitu kulia, inakwisha na kufutika kwenye mstari. Tunarudi kwa 30, ambayo ilikuwa A. Inayofuata baada ya A ni B, basi inachapwa na kwenda C. Kulia kwake hamna kitu, inafutika.

Sasa tazama kati ya mstari wa saba na wa nane. 30 imefutika, tunarudi kwa 20. Ilikuwa wapi? C. Baada ya C hakuna mstari mwingine, kwa hiyo 20 nayo inafutika kimyakimya. Hapa ndipo watu wengi huchapa 20 mara ya pili, au hurudi kushoto kwake kana kwamba wamefika upya. Herufi C inakuzuia. Baada ya hapo tunarudi kwa 45, iliyokuwa A tangu mwanzo, na hatimaye inachapwa.

Upande wa kulia unakwenda kwa njia ileile: 60 haina kitu kushoto, inachapwa, kulia kwake kuna 75, ambayo inatanguliza 70 ya kushoto kwake. In-oda yote ni 20 25 30 45 60 70 75. Ukiwa na mti wa kutafutia, lazima zitoke zimepangwa hivyo kuanzia ndogo hadi kubwa, na hiki ni kipimo kizuri cha kumalizia. Lakini kisitumike kama njia ya mkato ya kujibu bila kuangalia. Mtunga swali anaweza kukupa mti usiofuata kanuni ya ndogo kushoto, au fanksheni inayotanguliza kulia ambayo itazitoa kuanzia kubwa. Nimeona karatasi za mazoezi ambazo mtu amepanga namba tu na kuziandika, na mti haukuwa wa kutafutia hata kidogo.

Kilichonifurahisha zaidi ni nilipojaribu kuifuata post-oda kwa jedwali hilohilo. Fanksheni yenyewe ni hii:

```python
def g(n):
    if n is None:
        return
    g(n.left)                # A
    g(n.right)               # C
    print(n.data, end=" ")   # B
```

Nilianza jedwali jipya, na baada ya mistari michache nikaona naandika kitu kilekile. 45A, 45A 20A, 45A 20C, 45A 20C 30A, na kuendelea. Safari ni ileile, hatua kwa hatua. Miito ni 15 kwa kila fanksheni: 7 ya nodi na 8 ya nafasi tupu. Kina ni kilekile pia: pale tunapofika 25 kuna nodi nne zinazongoja kwa pamoja, na mwito wa nafasi tupu juu yake. Kilichobadilika ni wakati wa kuchapa tu. Katika in-oda, nodi huchapwa pale herufi yake inapogeuka kutoka A kuwa C. Katika post-oda, herufi inageuka bila kitu kuchapwa, na nodi huchapwa pale inapofutika kwenye mstari.

Rudi kwenye jedwali ukitazama nani anafutika lini. 25 inafutika kwanza, kisha 30, kisha 20. Upande wa kulia, 70 inafutika, kisha 75, kisha 60, na mwisho kabisa 45. Post-oda ni 25 30 20 70 75 60 45. Sikuhitaji jedwali la pili. Tangu hapo, kwenye mazoezi, swali linaloomba mipito yote miwili nimekuwa nikilifanya kwa jedwali moja lenye safu mbili pembeni, moja ya "ilipogeuka C" na nyingine ya "ilipofutika". Linachukua nafasi kwenye karatasi, na mara ya kwanza linachosha, lakini linaokoa muda kwa sababu hukanganyikiwi na kuanza upya.

Ukiilinganisha mipito hii kwa macho hayo, unaona tofauti yake iko mahali pamoja tu. Kati ya kugeuka C na kufutika, nodi inangoja tawi lake la kulia limalizike. Hakuna kingine kinachotokea katika muda huo. Kwa hiyo nodi isiyo na mtoto wa kulia hugeuka na kufutika bila chochote kuingia kati, na yenye mtoto wa kulia hupitwa na tawi zima kabla ya kuchapwa kwenye post-oda. Katika mti wetu ni 45, 20 na 60 tu zenye watoto wa kulia, na ni hizo tatu tu zinazohama kutoka jibu moja kwenda jingine: 20 inaruka 25 na 30, 60 inaruka 70 na 75, 45 inaruka upande wake wote wa kulia. Ukishajua hivyo unaweza hata kuipata post-oda kutoka in-oda kwa kusogeza nodi hizo peke yake, ukianza na zile za chini.

Siku ya mtihani sehemu mbili za kwanza zilikuwa za aina hii, juu ya mti wenye umbo linalofanana na huu. Sehemu ya tatu ndiyo ilinisimamisha kalamu. Mtunga swali aliweka mistari miwili ya kuchapa katika fanksheni moja: mmoja baada ya kushoto, mwingine baada ya kulia. Nitaionyesha kwa mti wetu:

```python
def h(n):
    if n is None:
        return
    h(n.left)
    print(n.data, end=" ")
    h(n.right)
    print(n.data, end=" ")
```

Moyo ulinienda mbio, kwa sababu haikuwa in-oda wala post-oda, na hakuna jina la kukariri linaloisaidia. Nikiwa nimeishika njia ya kukariri "kushoto, mzizi, kulia" peke yake, ningeiacha wazi. Lakini jedwali halijali jina. Fanksheni hii inachapa nodi inapogeuka C, na inaichapa tena inapofutika. Nikafuata mstari kwa mstari. Kwa mti wetu jibu linakuwa:

```
20 25 25 30 30 20 45 60 70 70 75 75 60 45
```

Namba 14, kila nodi mara mbili. Soma tokeo la kwanza la kila namba na kuacha la pili: 20 25 30 45 60 70 75, ambayo ni in-oda. Soma tokeo la pili pekee: 25 30 20 70 75 60 45, ambayo ni post-oda. Na angalia zilizokaa bega kwa bega: 25, 30, 70 na 75, zote hazina mtoto wa kulia. Zile zilizotengana ni 20, 45 na 60, na kilichokaa kati ya tokeo la kwanza na la pili la kila moja ni tawi lake la kulia, kamili. Nilikagua jibu langu la mtihani kwa njia hiyo kabla ya kugeuza ukurasa, nikajua liko sawa.

Sehemu hiyo ilinigharimu muda mrefu kuliko nilivyopanga, na swali la mwisho la karatasi nililijibu kwa haraka kupita kiasi. Kama ningekuwa nafanya upya, ningechora jedwali tangu sehemu ya kwanza badala ya kulianza nilipofika ya tatu, kwa sababu lilikuwa jedwali lilelile kwa zote.

Kuna vitu vidogo vya kuangalia ambavyo huondoa alama bila sababu. `print` ya Python bila `end=" "` hushusha mstari kila mara, kwa hiyo jibu liandikwe kwa kushuka, si kwa mlalo, kama fanksheni ndivyo ilivyo. Namba ya mwisho ya post-oda lazima iwe mzizi, na ya kwanza lazima iwe jani, yaani nodi isiyo na mtoto yeyote. In-oda haina sharti hilo: katika mti wetu inaanza na 20 na kuishia na 75, na zote mbili zina mtoto. Anayekagua in-oda yake kwa kutafuta jani mwanzoni atalifuta jibu sahihi.

Baada ya mtihani, mwenzetu yule wa `return` alikuja na swali alilolitunga mwenyewe: je, kuna mti ambao `f` na `g` zinachapa kitu kilekile? Ukishaliona jedwali, jibu linatoka lenyewe. Ni mti ambao hakuna nodi yenye mtoto wa kulia. Ingiza namba zetu kuanzia kubwa kwenda ndogo, 75, 70, 60, 45, 30, 25, 20, na kila moja itaning'inia kushoto kwa iliyotangulia. In-oda na post-oda zote zitatoa 20 25 30 45 60 70 75, na `h` itachapa kila namba mara mbili mfululizo. Alitaka kulijaribu kwa mnyororo wa nodi elfu kadhaa, na programu ikakatika kwa `RecursionError`: kikomo cha kawaida cha Python ni miito 1000 inayongoja kwa pamoja, na katika mti wa namna hiyo hakuna mwito hata mmoja unaofutika mpaka ufike mwisho wa mnyororo.